Kitovu Kinachotokeza Mtoto Anapolia: Kwa Nini Kwa Kawaida Si Hatari, na Lini Kiwe Hatari

Binti wa miezi mitano aliletwa katika kliniki ya upasuaji wa watoto akiwa amefungwa tumbo kwa utepe wa khanga. Nilipoufungua, ikadondoka sarafu ya shilingi mia mbili iliyokuwa imekandamizwa juu ya kitovu. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyekundu, imelowa jasho, na pembeni ilikwishaanza kuchubuka. Mtoto, aliyekuwa ametulia mgongoni mwa bibi yake tangu asubuhi, alianza kulia kwa kukerwa na mikono migeni. Na papo hapo kitovu kikajaa, kikasimama kama limau dogo. Bibi akaniambia, “Unaona, daktari? Hiki ndicho kinachomliza. Kila kikitoka analia.”

Maneno hayo ya bibi yamebeba karibu kila jambo linalowasumbua wazazi kuhusu hali hii, na kosa lililomo ndani yake ni la mpangilio tu. Kitovu hakikutoka ndipo mtoto akalia. Mtoto alilia ndipo kitovu kikatoka. Atakayeelewa kwa nini ni hivyo ataelewa pia ni lini mpangilio huo hugeuka kweli, na hapo ndipo penye hatari.

Tuanze na tumbo lenyewe. Mimba inapokua, ukuta wa tumbo la mtoto huwa na tundu katikati, ambalo hupitisha mishipa mitatu ya kiungamwana: ateri mbili zinazopeleka damu kwenye kondo la nyuma na vena moja inayoirudisha. Kingo za tundu hilo ni za nyuzi imara, nasi huliita pete ya kitovu. Mtoto akishazaliwa na kiungamwana kikafungwa, mishipa ile haina kazi tena. Hujikunja, hukauka, na baadaye hugeuka kuwa nyuzi. Kisiki cha kiungamwana hudondoka, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo, na pete hujikaza taratibu mpaka ikafungwa kwa kovu. Kwa watoto wengi kazi hiyo hukamilika mapema. Kwa wengine huchelewa, na pete ikabaki wazi chini ya ngozi iliyokwishapona vizuri kabisa. Hiyo ndiyo henia ya kitovu, ambayo wengi huiita ngiri ya kitovu.

Kumbe tundu liko kwenye ukuta wa ndani, si kwenye ngozi. Utando laini unaolifunika tumbo kwa ndani husukumwa kupitia pete, ukawa kama kifuko, na ndani ya kifuko hicho huweza kuingia sehemu ya utumbo mwembamba au mafuta yanayoufunika utumbo. Mtoto akiwa amelala usingizi, tumbo limelegea, hakuna kinachousukuma utumbo nje, na kitovu huonekana kama ngozi iliyozidi kidogo. Akilia, misuli ya tumbo hukaza na shinikizo la ndani hupanda; utumbo hutafuta mahali penye udhaifu na kujitokeza kupitia pete. Vivyo hivyo anapokohoa, anapojikamua kupata choo, au baadaye anapojifunza kukaa na kusimama. Kilio kikiisha, utumbo hurudi ulikotoka bila kuombwa.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu wazazi huniuliza mara nyingi kama kulia kunaipanua pete. Hapana. Kulia kunaionyesha pete iliyokuwa wazi tayari. Nimewahi kukutana na mama ambaye kwa miezi mitatu hakumweka mtoto chini hata kidogo, usiku na mchana, kwa kuogopa asilie akapasuka kitovu. Alikuwa amedhoofika kuliko mtoto. Wala henia hii haisababishwi na mkunga aliyekata kiungamwana kirefu au kifupi. Mkunga hukata sehemu iliyo nje, ambayo itakauka na kudondoka. Pete iko ndani, na mkasi hauifikii. Lawama hii kwa wakunga ni ya zamani, na ingefaa iachwe.

Ni kweli kwamba hali hii huonekana zaidi kwa watoto wenye asili ya Kiafrika, na pia kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Kwa hiyo katika kliniki zetu za watoto haipiti wiki bila kumwona mmoja, na wengi wao hawana tatizo lingine lolote.

Nirudi kwa yule binti. Hatukuanza kwa kumgusa kitovu. Nilimwomba mama ampe ziwa, tukasubiri. Hilo ni jambo ambalo ningependa kila muuguzi wa kliniki ya watoto alifanye, kwa kuwa mtoto anayelia hatoi jibu la uhakika. Baada ya dakika chache alitulia, na uvimbe ukapungua wenyewe mbele ya macho ya bibi. Kisha, akiwa bado ananyonya, niliweka kidole juu ya kilichobaki na kukisukuma kwa upole kuelekea ndani. Kilikuwa laini kama puto lenye hewa kidogo. Kikaingia, na chini ya kidole ikasikika sauti ya mgugumo wa hewa na maji ya utumbo. Mtoto hakuacha kunyonya. Nilimwomba bibi naye akiguse. Alisita, akaguse kwa ncha ya kidole, kisha akacheka.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuipima pete. Uvimbe ukisharudi ndani, ncha ya kidole hutua katikati ya kitovu na kuhisi ukingo mgumu wa duara. Kwa binti huyu pete ilikuwa na upana wa sentimita moja hivi, ingawa ngozi iliyokuwa ikitokeza ilikuwa kubwa mara kadhaa ya hapo. Tofauti hii ni muhimu katika kuandika kadi. Ukubwa wa kinachotokeza haueleezi mengi. Ngozi huweza kuvutika sana juu ya tundu dogo. Kinachotabiri kama kitovu kitajifunga ni upana wa pete na umri wa mtoto. Pete iliyo chini ya sentimita moja katika mwaka wa kwanza kwa kawaida hujifunga yenyewe. Pete inayozidi sentimita moja na nusu kwa mtoto aliyekwisha kukua ina uwezekano mdogo zaidi. Muuguzi anayeandika “kitovu kikubwa” hajamsaidia atakayemwona mtoto huyo baada ya mwaka; anayeandika “pete sentimita 1, hurudi ndani kwa urahisi, ngozi nzima” amemsaidia sana.

Kabla ya kumvisha nguo nilitazama kinena cha pande zote mbili, na hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu neno ngiri limezaa hofu isiyo mahali pake na utulivu usio mahali pake. Ngiri ya kinena, ile inayotokeza juu ya paja au kushuka kwenye pumbu au mashavu ya uke, ni jambo jingine kabisa. Kwa mtoto mchanga ngiri hiyo haijifungi yenyewe, hunasa mara nyingi zaidi, na inahitaji upasuaji bila kungoja miaka. Ngiri ya kitovu ni kinyume chake. Nimeona wazazi waliokwenda mbio usiku kwa ajili ya kitovu laini, na wengine waliosubiri kwa miezi uvimbe wa kinena kwa sababu jirani aliwaambia kuwa ngiri za watoto huisha zenyewe. Uvimbe ulio juu kidogo ya kitovu, kwenye mstari wa katikati ya tumbo, nao haujifungi na unastahili kuonwa na mpasuaji, ingawa si wa dharura.

Sasa ile sarafu. Wengine hutumia kifungo, wengine kokwa, na siku hizi kuna mikanda maalumu inayouzwa madukani. Fikra iliyo nyuma yake inaeleweka: kitu kikisukumwa ndani na kufungwa, hakitatoka. Lakini sarafu ni pana kuliko pete, kwa hiyo hulala juu ya ngozi na haizibi tundu lenyewe. Wakati huohuo huzuia hewa, hukusanya jasho na uchafu, na ngozi laini ya mtoto huchubuka na kupata maambukizi. Utepe uliokazwa sana humbana mtoto tumbo, naye hupumua kwa tumbo. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba sarafu huficha. Kitovu kilichofungwa siku nzima hakitazamwi, na dalili ninazozieleza hapa chini hazionekani ila kwa kutazama. Katika nchi kama Japani madaktari hufunga kitovu kwa plasta maalumu katika miezi ya mwanzo, kwa uangalizi wa karibu. Hilo ni tiba ya kliniki na haliwezi kulinganishwa na sarafu na khanga za nyumbani. Kuhusu majivu, samadi au dawa za majani zinazopakwa juu ya kitovu, nitasema tu kwamba kwa mtoto mchanga ambaye kisiki hakijadondoka, ndiko pepopunda na usaha wa kitovu hupitia.

Bibi aliuliza, kama wengi, kama mtoto atahitaji kupasuliwa. Nilimwambia tungoje. Pete hupungua polepole mwezi hata mwezi, na watoto wengi kitovu chao hufungwa kabla ya kutimiza miaka minne au mitano. Kusubiri huku si kumtelekeza mtoto. Upasuaji wa kitovu ni mdogo, lakini usingizi wa dawa kwa mtoto mchanga si mdogo, na hakuna sababu ya kumwingiza chumba cha upasuaji kwa jambo ambalo mwili wake unaelekea kulimaliza. Tulikubaliana aonwe kila baada ya miezi sita, na mama aje kabla ya hapo akiona mojawapo ya mambo nitakayoyataja.

Henia ya kitovu huwa hatari inaponasa. Kunasa ni pale utumbo uliokwisha kutoka unaposhindwa kurudi. Pete huubana shingoni. Damu ya vena, ambayo husukumwa kwa nguvu ndogo, hushindwa kutoka. Utumbo huvimba, na kadiri unavyovimba ndivyo unavyobanwa zaidi. Mwishowe hata damu ya ateri haiingii, na sehemu hiyo ya utumbo huanza kufa. Mambo haya yote huweza kutokea ndani ya saa chache. Ni nadra, lakini katika hospitali za Afrika tunayaona. Na usidhani kwamba kitovu kikubwa cha kutisha ndicho kinachonasa zaidi: kwenye pete pana utumbo huingia na kutoka kwa uhuru, ilhali pete nyembamba au ya wastani ndiyo iwezayo kuushika.

Kesi moja niliyoishiriki yatosha kueleza. Mvulana wa miaka mitatu, mwenye kitovu kilichokuwa kikitoka na kurudi tangu uchanga, aliamka alfajiri akilia. Kwa kuwa nyumbani walikwisha kuizoea hali yake, walimpa chai akalala. Saa nne asubuhi alitapika maziwa, adhuhuri akatapika maji ya kijani. Kitovu kilikuwa kimesimama ingawa hakuwa akilia wakati huo; alikuwa amenyamaza, amekunja miguu, na hakutaka mtu amguse. Alifika zahanati jioni. Mganga aliyekuwa zamu aliona uvimbe mgumu, wenye ngozi iliyong’aa na kuwa nyekundu, na tumbo lililojaa. Hakujaribu kuurudisha kwa nguvu. Alimzuia kula na kunywa, akamwekea dripu, akampitishia mpira puani hadi tumboni ili kutoa maji yaliyokusanyika, akampa dawa ya maumivu, akaita gari. Usiku ule tulipomfungua tulikuta kipande cha utumbo kilichokuwa cheusi-zambarau. Tulikikata pete, tukakifunika kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukangoja. Rangi ya waridi ilirudi taratibu, na mawimbi ya utumbo yakaonekana tena. Hatukulazimika kukata utumbo. Saa chache zaidi na nadhani tungelazimika.

Tofauti kati ya watoto hawa wawili haikuwa katika ukubwa wa kitovu. Ilikuwa katika swali moja ambalo mzazi yeyote anaweza kulijibu nyumbani: mtoto akitulizwa, uvimbe hufanyaje? Mpe ziwa, mbembeleze, mlaze chali. Ukilegea na kurudi, hata kama atalia tena baada ya nusu saa na ukatoka tena, hiyo ni henia ya kawaida. Ukibaki umesimama na kuwa mgumu huku mtoto ametulia au amelegea, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane na hata kama bado hajatapika. Hapo ndipo maneno ya bibi huwa kweli: kitovu ndicho kinachomliza.

Dalili nyingine huandamana na hiyo. Mtoto hulia kwa maumivu yasiyotulizika, na hulia zaidi kitovu kinapoguswa. Ngozi juu ya uvimbe huwa nyekundu, au hugeuka ya zambarau au nyeusi; kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane wazi, kwa hiyo linganisha na ngozi ya pembeni na uhisi kama pana joto na mng’ao. Matapishi ya rangi ya kijani kwa mtoto yeyote ni jambo la kwenda hospitali bila mjadala. Tumbo kujaa, kukosa choo na kushindwa kutoa hewa, homa, na mtoto kuwa mnyonge asiyetaka kunyonya, vyote hivyo huonyesha kuwa muda umekwisha kupita. Njiani asipewe chakula wala kinywaji, na kitovu kisikandamizwe.

Kwa wahudumu wenzangu nina neno moja juu ya kuurudisha uvimbe ulionasa. Mtaalamu mwenye uzoefu aweza kujaribu kwa upole, baada ya dawa ya maumivu, ikiwa tatizo limeanza karibuni na ngozi ni ya kawaida. Ikiwa ngozi imebadilika rangi, au tumbo ni gumu, au mtoto ana homa na mapigo ya moyo ya kasi, usijaribu. Utakuwa unarudisha utumbo uliokufa ndani ya tumbo na kuficha ugonjwa. Na hata ukifaulu, usimruhusu aende nyumbani. Kitovu kilichonasa mara moja huweza kunasa tena, naye anapaswa kuonwa na mpasuaji katika safari hiyohiyo.

Yapo pia mambo yasiyo ya dharura ambayo hudai uchunguzi. Kitovu kinachotoa majimaji wiki kadhaa baada ya kisiki kudondoka si henia tu. Nyama ndogo nyekundu yenye unyevu ni ya kawaida na hutibika kliniki, lakini majimaji ya mkojo au ya kinyesi humaanisha kuwa njia iliyopaswa kuzibika mtoto akiwa tumboni imebaki wazi. Na kuna watoto ambao henia ya kitovu ni sehemu ya picha kubwa zaidi. Mtoto mwenye manjano yanayodumu kupita wiki mbili, anayelala mno, anayenyonya kwa uvivu, mwenye choo kigumu, ulimi mkubwa na kitovu kinachotokeza, apimwe homoni ya tezi ya shingo haraka. Mahali ambapo watoto wachanga hawapimwi wote kwa utaratibu, mara nyingine ni kitovu kinachomleta mtoto huyo mbele ya daktari, na kila mwezi unaopita bila dawa ni hasara kwa ubongo wake. Aliyemtazama kitovu tu akasema “kitapona” atakuwa amesema kweli juu ya kitovu na kukosea juu ya mtoto.

Kitovu kisipojifunga hadi miaka minne au mitano, tunashauri upasuaji wa kupangwa. Hutangulia umri huo iwapo kimewahi kunasa, au iwapo pete ni pana na haipungui kabisa mwaka hata mwaka. Kwa mtoto wa kike upo msukumo wa ziada wa kutoacha hali hiyo ifike utu uzima, kwa sababu ujauzito hulitanua tumbo na pete iliyo wazi huanza kusumbua. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa usingizi kamili: mpasuo mdogo wa nusu duara kwenye mkunjo wa chini wa kitovu, kifuko kinatenganishwa na ngozi, pete inashonwa kwa uzi imara, na ngozi ya ndani ya kitovu inashikizwa chini ili kitovu kirudi kuwa kishimo. Mtoto asiye na tatizo jingine mara nyingi huruhusiwa siku hiyohiyo. Ngozi iliyokuwa imevutika sana huonekana imekunjamana kwa miezi kadhaa kabla haijasinyaa, na huo si upasuaji ulioshindikana.

Yule binti alirudi akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Sarafu haikuwapo, ngozi ilikuwa safi, na ncha ya kidole changu kidogo haikuweza tena kupenya kwenye pete. Alipolia kwa kuniona, kitovu kilitokeza kiasi cha punje ya harage. Bibi yake hakumtazama kitovu. Alikuwa akimtafutia kiatu kilichodondoka njiani.